Kikaratasi Chini ya Kijitabu: Haki Asilia Mwanafunzi Anapofukuzwa Chuo

Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua Daktari Richard Bentley shahada zake zote. Bentley alikuwa mkuu wa Chuo cha Trinity, msomi wa kupigiwa mfano na mgomvi wa kupigiwa mfano pia, na kosa lake lilikuwa kuidharau mahakama ya chuo iliyomwita katika madai ya fedha. Huenda alistahili adhabu. Lakini hakuna aliyemwita ajieleze kuhusu dharau hiyo kabla ya shahada kuondolewa. Shauri lilipoamuliwa na Mahakama ya Mfalme mwaka 1723, chuo kilishindwa, na Jaji Fortescue akatoa hoja ambayo wanasheria hawajachoka kuirudia: hata Mungu hakumtoa Adamu bustanini kabla ya kumwita. Adamu, uko wapi? Umekula matunda ya mti niliokukataza? Mungu alikuwa anajua jibu. Aliuliza hata hivyo.

Katika historia ya sheria ya Kiingereza, na ya nchi zote zilizoirithi, huo ni mmoja wa mifano ya mwanzo ya mahakama kuuambia uongozi wa chuo: inawezekana mna haki ya kumwadhibu mtu huyu, lakini si kwa njia hii. Njia ndiyo inayoitwa haki asilia. Jina linapotosha kidogo, kwa sababu linasikika kama falsafa kubwa ya maumbile na utu. Kwa mahakama ni kanuni mbili tu za utaratibu. Ya kwanza inasema asihukumiwe mtu kabla ya kusikilizwa. Ya pili inasema mwamuzi asiwe na masilahi wala upendeleo katika jambo analoliamua. Haki asilia haijibu kama mwanafunzi aliiba mtihani au hakuiba. Inamgeukia aliyetoa uamuzi na kumuuliza: wewe ulijuaje, na aliyekuwa mbele yako alipata nafasi gani ya kukuonyesha kwamba umekosea?

Ninapofundisha mada hii huwa naanza na kesi ya kubuni, kwa sababu kesi halisi zina kelele nyingi. Mhusika wake namwita Zawadi.

Siku tatu za Zawadi

Zawadi yuko mwaka wa tatu katika chuo kikuu cha umma. Katikati ya mtihani msimamizi anaokota kikaratasi kilichokunjwa chini ya kijitabu chake cha majibu. Msimamizi anajaza fomu ya taarifa ya udanganyifu, Zawadi anatia saini kuthibitisha kwamba kikaratasi kimeonekana mezani pake, kisha anaruhusiwa kumaliza mtihani. Hiyo ndiyo siku ya kwanza.

Siku ya pili ni wiki tatu baadaye. Anapokea barua ya mstari mmoja na nusu: "Unatakiwa kufika mbele ya Kamati ya Nidhamu kesho saa tatu asubuhi kuhusu ukiukwaji wa kanuni za mitihani." Haitaji mtihani gani, kanuni gani, wala adhabu inayoweza kutolewa.

Siku ya tatu ni ya kikao. Mwenyekiti ni mkuu wa kitivo chake, ambaye ndiye aliyepokea fomu ya msimamizi na kuipeleka mbele ikiwa na maoni yaliyoandikwa kwa mkono wake: "Afukuzwe, iwe fundisho." Zawadi anahojiwa kwa dakika kumi. Anasema kikaratasi si chake, kwamba meza ilitumika na mtahiniwa mwingine asubuhi hiyohiyo, na kwamba mwandiko si wake. Anaomba msimamizi aitwe ili amuulize kama alimwona akikitoa au akikisoma. Mwenyekiti anamjibu kwamba taarifa iliyoandikwa inatosha. Zawadi anatolewa nje ili kamati ijadili. Ofisa wa mitihani, ambaye ndiye aliyewasilisha mashtaka, anabaki ndani, na mjadala ukiendelea anawapa wajumbe karatasi nyingine: maelezo ya mtahiniwa wa meza ya jirani, anayedai alimwona Zawadi akichungulia chini ya kijitabu mara mbili. Baada ya siku nne barua inakuja. Amefukuzwa.

Wanafunzi wangu karibu wote huanza kwa kujadili kikaratasi kilikuwa cha nani. Huwa nawaacha wabishane kidogo, kisha nawaambia kikaratasi kiwekwe pembeni. Tuchukue kwamba kilikuwa chake. Bado kesi ya chuo ina matundu manne, na kila moja lina uzito wake.

Barua ya mstari mmoja na nusu

Tundu la kwanza ni wito. Kusikilizwa si kukalishwa mbele ya watu na kuulizwa una la kusema. Mtu hawezi kujitetea dhidi ya shtaka asilolijua, ndiyo maana mahakama hulitazama suala la taarifa kabla ya kutazama kikao chenyewe. Wito unaofaa hutaja tukio, tarehe, kanuni inayodaiwa kuvunjwa na adhabu inayoweza kufuata, na huambatanishwa na nyaraka ambazo kamati itazitegemea. Muda nao ni sehemu ya taarifa. Siku moja inaweza kutosha kwa onyo la kupiga kelele bwenini. Haiwezi kutosha kwa mtu anayetaka kumtafuta aliyekalia meza ileile asubuhi, au kupata sampuli za mwandiko wake.

Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wa mara ya kwanza hulikosa. Kiwango cha haki asilia hakifanani kila mahali, kinapanda na kushuka kulingana na kinachoweza kupotea. Faini ndogo ya maktaba inaweza kuamuliwa kwa barua mbili. Kufukuzwa chuo kunaondoa miaka ya mtu, ada aliyolipa na fani aliyokuwa akiiendea, kwa hiyo kunadai utaratibu ulio karibu zaidi na ule wa mahakama, ingawa haudai kuwa mahakama kamili. Wakili, kwa mfano, si haki ya moja kwa moja katika kamati ya nidhamu. Inategemea kanuni za chuo, uzito wa shtaka, na kama kuna hoja za kisheria ambazo mwanafunzi hawezi kuzibeba peke yake.

Shahidi ambaye hakuja

Tundu la pili ndilo gumu kuliko yote, na kesi inayolifundisha vizuri ilitoka Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ceylon alituhumiwa kwamba aliingia katika mtihani wa zuolojia akiwa ameshajua kifungu cha Kijerumani kitakachotolewa kutafsiriwa. Aliyemtuhumu alikuwa mwanafunzi mwenzake. Makamu mkuu wa chuo aliunda tume ya watu watatu. Tume ilisikiliza mashahidi, pamoja na yule mtuhumu, wakati mtuhumiwa hayupo, kisha ikamwita na kumweleza tuhuma. Ilimwona ana hatia, na akasimamishwa kufanya mitihani yote ya chuo bila kikomo. Mahakama ya Juu ya Ceylon ilimpa ushindi. Chuo kikakata rufaa hadi Baraza la Faragha la London, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kwa Ceylon wakati huo, ambalo mwaka 1960 liliamua kwamba haki asilia haikuvunjwa.

Wengi wakifika hapo hushtuka: kwa hiyo inaruhusiwa kumsikiliza shahidi nyuma ya mgongo wa mtuhumiwa? Jibu la Baraza lilikuwa jembamba kuliko hivyo. Kamati ya chuo hailazimiki kufuata taratibu za mahakama, hivyo inaweza kukusanya taarifa kwa namna yake, mradi mtuhumiwa aelezwe kikamilifu kilichosemwa dhidi yake na apewe nafasi ya kukijibu. Mwanafunzi yule alielezwa. Kisha Baraza likaongeza jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa hukumu: hakuwahi kuomba kumhoji mtuhumu wake. Angeomba akakataliwa, mambo yangeweza kuwa tofauti.

Mimi naona hukumu hiyo ilikuwa kali mno. Kijana aliyekaa mbele ya wakubwa wake watatu hajui kwamba ana haki ya kuomba, na tume haikumwambia. Neno la mtu mmoja dhidi ya mwingine ndilo lililoamua maisha yake. Lakini kwa matumizi ya leo, hukumu ile inamsaidia Zawadi kuliko inavyomdhuru. Yeye aliomba. Aliomba shahidi ambaye jibu lake lingeweza kugeuza kesi nzima, kwa sababu fomu ilisema kikaratasi kilionekana, haikusema kilionekana kikisomwa. Na alikataliwa bila sababu. Ndiyo maana mwanafunzi anayekwenda kwenye kikao cha aina hii hushauriwa aandike maombi yake na kuyakabidhi yakiwa na tarehe. Kumbukumbu za kikao huandikwa na upande wa pili, na ombi la mdomo lina tabia ya kutoonekana humo.

Karatasi ya mtahiniwa jirani haihitaji mjadala mrefu. Kamati ilipokea ushahidi mpya baada ya mtuhumiwa kutoka, ukawa sehemu ya uamuzi, na hakuuona wala kuusikia. Hata kwa kipimo kile kilegevu cha Ceylon, hapo chuo kimeanguka. Kama ningelazimika kuchagua hoja moja tu ya kupeleka mahakamani, ningechagua hiyo, kwa sababu haitegemei Zawadi aliomba nini wala kamati ilimwamini nani.

Aliyebaki chumbani

Tundu la tatu linahusu nani alikuwa upande gani wa meza. Mkuu wa kitivo alishaandika "afukuzwe" kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, kisha akaongoza kikao cha kuamua kama afukuzwe. Haihitajiki kuthibitisha kwamba alimchukia Zawadi, wala kwamba upendeleo ulibadilisha kura. Kipimo kilichotulizwa na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 2001 ni hiki: mtu wa kawaida, mwenye akili timamu, anayezijua taarifa zote, angeona kuna uwezekano wa kweli kwamba mwamuzi alielemea upande mmoja? Kwa maoni yaliyoandikwa kwa mkono juu ya faili, jibu halina ugumu.

Kuhusu ofisa wa mitihani, kuna kesi ndogo ya kuchekesha ambayo huwa siiachi. Mchuuzi wa soko la Barnsley, Uingereza, alijisaidia haja ndogo katika uchochoro jioni moja baada ya vyoo kufungwa, akatukanana na wafanyakazi wa soko, na akanyang'anywa leseni. Kamati iliyosikiliza malalamiko yake ilimruhusu meneja wa soko, ambaye ndiye aliyekuwa kama mwendesha mashtaka, kubaki nayo wakati wa kujadili. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi. Hakuna aliyesema mchuuzi hakujisaidia. Ilichosema ni kwamba mshitaki hakai na waamuzi upande mmoja ukiwa umetolewa nje. Kwa chuo, tiba yake ni rahisi mno kiasi cha kuudhi: Zawadi anapotoka, ofisa naye atoke. Katibu wa kamati anaweza kubaki akiandika, mradi si yeye aliyeshtaki.

Tundu la nne ni barua yenyewe, isiyotaja sababu. Sheria ya jadi ya Kiingereza haikuweka wajibu wa jumla wa kutoa sababu, ingawa kwa maamuzi mazito kama kufukuza mahakama mara nyingi huuona wajibu huo, na katiba au sheria za nchi nyingine huutamka waziwazi. Hata pale ambapo si lazima, barua bila sababu humfanya mwanafunzi akate rufaa gizani. Kamati iliamini fomu? Iliamini jirani? Kwa kuwa hajui jirani aliandika chochote, rufaa yake itajibu nusu ya kesi.

"Lakini alikuwa na hatia"

Utetezi wa chuo mara nyingi si kwamba utaratibu ulifuatwa. Ni kwamba hata ungefuatwa, matokeo yangekuwa yaleyale. Mahakama hazijawahi kukubaliana kuhusu hoja hii.

Upande mmoja kuna kesi ya Chuo Kikuu cha Keele. Mwaka 1970 wanafunzi kadhaa walionekana uchi katika viwanja vya chuo, na makamu mkuu, bila kumsikiliza mhusika, alimtoza mmoja wao faini ya pauni 10 na kumzuia kuishi chuoni mwaka mzima wa masomo uliofuata. Jaji alikubali kabisa kwamba haki asilia ilivunjwa. Kisha akakataa kumsaidia mwanafunzi, kwa sababu hakukana tukio, na adhabu ilikuwa ya kiasi. Alichopoteza kilikuwa nafasi ya kuomba apunguziwe, basi.

Upande wa pili yuko Jaji Megarry, aliyeamua mwaka 1969 shauri la watu waliotolewa katika tawi la chama cha siasa. Kwa ufupi, alionya kwamba njia ya sheria imejaa kesi zilizoonekana wazi kabisa ambazo kwa namna fulani hazikuwa hivyo, na tuhuma zisizojibika ambazo zilipofika mwisho zilijibiwa zote. Mimi niko naye. Mtu anayesema kusikilizwa kusingebadili kitu anatumia ushahidi wa upande mmoja kupima thamani ya ushahidi wa upande wa pili ambao haujasikika. Keele inaeleweka kwa sababu tukio halikubishaniwa. Kwa Zawadi linabishaniwa tangu mwanzo: meza ya watu wawili, mwandiko, msimamizi ambaye hakuulizwa. Chuo kikiitaja Keele mbele ya jaji, hilo ndilo jibu la kwanza.

Kuna kizuizi kingine kinachowaangusha wanafunzi wengi zaidi kuliko hoja hiyo, nacho ni kalenda. Katika shauri la Chuo Kikuu cha Aston la mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi waliondolewa baada ya kufeli masomo ya ziada. Watahini walikuwa wamezingatia hali zao binafsi bila kuwapa nafasi ya kusema lolote kuhusu hali hizo. Mahakama iliona kasoro, lakini ikawanyima amri kwa sababu walikawia miezi kadhaa kabla ya kuja. Wakati huo chuo kilikuwa kimeshasonga mbele.

Mlango wa mbele na mlango wa uani

Tumhamishe Zawadi. Safari hii hajafukuzwa chuo cha umma. Amefukuzwa uanachama katika chama cha wachezaji wa sataranji, akituhumiwa kutumia simu katikati ya shindano. Kikao kilikuwa kilekile: wito wa mstari mmoja na nusu, shahidi aliyekataliwa, mwenyekiti aliyeshaamua, karatasi iliyoletwa baada ya yeye kutoka. Je, ana kesi?

Anayo, na kanuni ni zilezile mbili. Kinachobadilika ni kwa nini zinamlinda na ni mlango gani wa mahakama anaoingilia.

Chuo cha umma kinafanya kazi kwa mamlaka ya sheria. Kimeanzishwa kwa sheria au hati maalumu, na kinapomfukuza mtu kinatumia nguvu iliyotoka kwa umma. Anayelalamika anaingia kwa mapitio ya mahakama, akiomba uamuzi utenguliwe. Kwa muda mrefu waamuzi wa Uingereza walijificha nyuma ya hoja kwamba kazi yao ni ya kiutawala tu na si ya kihukumu, mpaka kesi ya Ridge dhidi ya Baldwin ya mwaka 1963. Mkuu wa polisi wa Brighton alikuwa amefukuzwa bila kuitwa, na mmoja wa majaji, Bwana Reid, alieleza kwamba swali si jina la kazi ya mwamuzi, ila kile anachokifanya kwa haki za mtu. Mlango huu una nguvu, lakini ni mwembamba: unahitaji kibali cha mahakama na muda wake ni mfupi. Kwa Uingereza ni bila kuchelewa, na kwa vyovyote ndani ya miezi 3.

Chama cha sataranji hakina nguvu ya umma. Kinachowaunganisha wanachama ni katiba ya chama, ambayo kwa macho ya sheria ni mkataba. Uliposaini fomu na kulipa ada, ulikubali kuongozwa na kanuni hizo, na chama nacho kilikubali kuzifuata. Kwa hiyo Zawadi anaingia kwa shauri la kawaida la madai, akidai mkataba umevunjwa: kanuni za chama zinasomwa kana kwamba zina ahadi, hata kama haikuandikwa, kwamba hakuna mwanachama atakayefukuzwa bila kusikilizwa kwa haki. Anaweza kuomba tamko kwamba bado ni mwanachama, zuio dhidi ya chama, na fidia kama ana hasara ya kuonyesha.

Kwamba ukubwa wa chama haubadilishi jambo hili tulifundishwa na farasi. Mwaka 1989 farasi wa Aga Khan aitwaye Aliysa alishinda mbio za Oaks, kisha akaondolewa ushindi baada ya vipimo kuonyesha mabaki ya kafuri. Aga Khan aliomba mapitio ya mahakama dhidi ya Klabu ya Joki, iliyokuwa ikitawala karibu kila kitu katika mbio za farasi nchini Uingereza. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufaa ilimjibu kwamba, pamoja na ukubwa wake wote, klabu hiyo ilikuwa na nguvu juu yake kwa sababu alikubali kanuni zake. Tiba yake ilikuwa katika mkataba. Zipo nchi ambazo katiba zake mpya zimeubomoa ukuta huu kwa kiasi fulani, zikiruhusu uamuzi wa chombo binafsi chenye athari kubwa kwa mtu kupitiwa kama wa umma, kwa hiyo swali la mlango lazima lijibiwe kwa sheria ya mahali husika kabla karatasi hazijaandaliwa.

Kwa mlango wa mkataba kuna tofauti mbili za kuangalia. Kwanza, mahakama husoma katiba ya chama yenyewe, na haiachii kamati iitafsiri itakavyo. Mwaka 1952, katika kesi ya chama cha wenye michezo ya maonyesho, kamati ilimtoza mwanachama faini ya pauni 100 kwa "ushindani usio wa haki", na aliposhindwa kulipa ikamfukuza. Mahakama ya Rufaa ilisema maneno hayo ya katiba hayakubeba alichokifanya, kwa hiyo faini na kufukuzwa vyote vilikuwa batili. Pili, chama kinaweza kujirekebisha kwenye rufaa ya ndani kwa urahisi zaidi. Jaji Megarry alishawahi kusema haki iliyokosekana katika kikao cha kwanza haiponywi na rufaa, lakini mwaka 1979 Baraza la Faragha, katika kesi ya mbio za farasi kutoka Australia, lilikataa kuifanya hiyo kuwa kanuni ya jumla. Lilisema mtu anapojiunga na chama amekubali utaratibu wake wote hadi mwisho, na kama rufaa ilisikilizwa upya kikamilifu na kwa haki, kasoro ya mwanzo inaweza kufunikwa. Rufaa inayosoma faili tu na kugonga muhuri haifuniki kitu.

Nisiufanye mpaka uonekane kama ukuta wa zege. Chuo kikuu cha umma nacho kina mkataba na mwanafunzi anayelipa ada. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikubali kwamba mwanafunzi aliyepewa sifuri kwa tuhuma ya kunakili anaweza kudai kwa mkataba, ingawa ilionya kwamba asitumie mlango wa mkataba kukwepa muda mfupi wa mapitio. Ilikumbusha pia kwamba jambo moja haliingii mahakamani kwa mlango wowote: tathmini ya kitaaluma. Insha ilistahili alama 40 au 60? Jaji hatasema. Insha iliibwa, na mwandishi alisikilizwa? Hilo atalisema. Chuo kinachotaka kukwepa kikao cha nidhamu kwa kumpa mtuhumiwa sifuri ya "kitaaluma" kwa sababu ya udanganyifu kinajaribu kuvusha jambo la pili kwa vazi la la kwanza, na ndipo mahakama hutazama kwa makini zaidi.

Anachopata Zawadi

Tuseme Zawadi wa chuo ameingia mahakamani ndani ya muda na ameshinda. Uamuzi wa kufukuzwa umetenguliwa. Wanafunzi wangu hupiga makofi hapo, na mimi huwauliza: kesho yake ni nani?

Ni mwanafunzi mwenye tuhuma. Mahakama haikumsafisha, na haikuwa na kazi ya kuamua kikaratasi ni cha nani. Imerudisha faili mezani, na chuo kina haki ya kuanza upya, safari hii kwa watu wengine, kwani mkuu wa kitivo hawezi kukaa tena. Kamati mpya inaweza kumfukuza kwa haki kabisa. Inaweza pia kumwachia, msimamizi akikiri kwamba hakumwona akigusa kikaratasi. Kabla ya hapo, barua mpya ya wito inapaswa kumfikia, na ikiandikwa na mtu aliyesoma hukumu, itakuwa hivi:

"Unatuhumiwa kukutwa na kikaratasi chenye maandishi yanayohusiana na somo, chini ya kijitabu chako cha majibu, katika mtihani uliotajwa hapo juu, kinyume na kanuni ya 12(b). Adhabu inaweza kuwa onyo, kufutiwa mtihani, kusimamishwa au kufukuzwa. Tunaambatanisha fomu ya msimamizi, maelezo ya mtahiniwa wa meza ya jirani, nakala ya kikaratasi na orodha ya waliokalia meza hiyo siku hiyo. Kikao ni baada ya siku 14. Msimamizi na mtahiniwa huyo watahudhuria, na utaweza kuwauliza maswali. Ukitaka shahidi mwingine yeyote, tuandikie."